Ithibati ya nani?

Chuo cha Marekani kimenipa ofa: shahada ya uzamili kwa siku kumi, bila kusoma, eti miaka yangu bandarini inatosha. Niwaamini? (Chumbageni, Tanga)

Usiwaamini, kaka. Vipo vyuo halali vinavyomsamehe mwanafunzi masomo machache kwa uzoefu wake wa kazi, ila shahada nzima hawampi. Tazama na bei. Kwa kawaida chuo hutoza kwa muhula au kwa somo. Anayekutajia bei moja ya shahada nzima, matokeo yakiwemo, huyo muuza karatasi. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilianika kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani: ilikuwa na mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo, na walimu waliopigwa picha ni waigizaji wa kulipwa.

Mbona tovuti yao ina nembo ya ithibati, na nikibonyeza inafunguka? (Ngamiani)

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Mwenye kiwanda cha shahada hufungua na baraza la ithibati, lake mwenyewe. Kwa hiyo usianzie kwao.

Mama mmoja wa Pangani alinitumia ofa ya mwanawe tukaikagua pamoja kwenye simu. Tuliandika wenyewe `chea.org`, tovuti ya Marekani inayoorodhesha mabaraza ya ithibati yanayotambuliwa, tukatafuta baraza lililotajwa kwenye ofa: halipo. Tukaingia `ope.ed.gov/dapip`, orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani, tukatafuta chuo. Likatokea jina linalofanana, mama akashusha pumzi. Tukalinganisha mji na anwani ya tovuti: vyote tofauti. Walikuwa wameazima jina la chuo cha watu na kuongeza neno moja.

Wakikujibu kwamba wamesajiliwa, waulize wamesajiliwa kama nini. Duka la nguo nalo limesajiliwa.

Cheti kimegongwa apostili na serikali ya jimbo. Hiyo si serikali? (Bagamoyo)

Ni serikali, na muhuri unaweza kuwa halisi kabisa. Lakini apostili husema tu kwamba sahihi ya notari aliyethibitisha karatasi ni yake kweli. Yaliyoandikwa ndani hakuna aliyeyapima. Ujanja huu nauona wa hatari kuliko yote, maana kila kitu unachokishika mkononi ni cha kweli isipokuwa elimu.

Na vyuo vya hapa nchini? (Muheza)

Vyuo vikuu utavikuta kwenye orodha ya TCU, `tcu.go.tz`. Vya stashahada na ufundi viko NACTVET. Tafuta na kozi yenyewe, si jina la chuo tu.

Nimeshalipa na cheti ninacho. Nikipeleke kazini? (Chumbageni, yuleyule)

Ala! Kumbe. Usikipeleke. Shahada ya nje hupelekwa TCU kutathminiwa, na chuo kisichotambuliwa nchini kwake hakipiti. Uhakiki wa 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Tunza risiti na meseji zao, ukaripoti polisi. Na wakikupigia kudai pesa zaidi za "kuhalalisha", usitume hata senti.