Kwa nini "Tā bǐ wǒ hěn gāo" ni kosa?

"Mwalimu wa Kichina amenikatia sentensi *Tā bǐ wǒ hěn gāo*. Nilitaka kusema ni mrefu sana kunizidi. Kosa liko wapi?"

Kosa ni *hěn*, ndugu. Vitabu huitafsiri "sana", lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Ukisema *Tā gāo* peke yake, Mchina anasikia kama unalinganisha: yeye ndiye mrefu, fulani siyo. *Tā hěn gāo* inaondoa ulinganisho huo, na maana yake ni "yeye ni mrefu" tu. "Sana" husikika pale tu unapoitamka *hěn* kwa mkazo. Ukitaka "sana" bila mkazo huo, tumia *fēicháng*.

Sasa *bǐ* inaleta ulinganisho, *hěn* inauondoa. Haziwezi kukaa pamoja. Sentensi safi ni *Tā bǐ wǒ gāo*: mtu, *bǐ*, mtu wa pili, sifa.

Kiasi cha tofauti hukaa nyuma ya sifa, na hapo ndipo wengi wetu hukosea, maana tunataka kukitanguliza. Ulichotaka kusema ni *Tā bǐ wǒ gāo de duō*, au *gāo duō le*. Akikuzidi kidogo, *gāo yìdiǎnr*. Hata namba hufuata njia hiyohiyo: *Tā bǐ wǒ dà liǎng suì*, amenizidi miaka 2. Kabla ya sifa unaweza kuweka *gèng*, "hata zaidi", ila hiyo inadokeza kwamba wewe nawe ni mrefu.

Ukikanusha, achana na *bǐ*: *Wǒ méiyǒu tā gāo*, simfikii kwa urefu.