Barua pepe za Kifaransa: usimtangulie mteja kwa uchangamfu

Nauza viungo kwa wanunuzi wa Ufaransa, na maswali mengi ninayoulizwa na wenzangu ni kuhusu ule mstari wa mwisho, kabla ya jina. Wengi wameshika “Cordialement” na kuibandika kila mahali. Si vibaya. Ndilo neno la kati, halimuudhi mtu, na kwa barua pepe ya kwanza kwa mnunuzi usiyemjua linatosha kabisa.

Shida ni kubaki hapo wakati mwenzako ameshasogea. Chukua mnunuzi wangu mmoja wa Marseille. Barua zake za mwanzo zilifunguliwa kwa “Madame” na kufungwa kwa “Cordialement”. Baada ya sampuli ya karafuu kumridhisha akaandika “Bien cordialement”, nami nikajibu vivyo hivyo. Tulipozoea kazi akawa ananiita “Chère Madame” na kumaliza kwa “Bien à vous”. Hapo nami nikapanda. Mteja ndiye anayefungua mlango. Muuzaji humfuata ngazi moja moja. Ukimwandikia “Amicalement” mtu ambaye hamjawahi hata kuongea kwa simu, atahisi unamzoea mapema.

Kushuka nako kuna maana. Mzigo ulipochelewa, yule yule wa “Bien à vous” akaniandikia mistari miwili na “Cordialement” kavu. Hakulalamika popote, lakini nilielewa, nikampigia siku ile ile. Ila usikimbilie kuhukumu kwa barua moja: wengi huweka salamu hiyo kwenye saini inayojiandika yenyewe. Tazama kama imebadilika, na kama mwili wa barua nao umekauka.

“Bonne journée” ni nyepesi na hufaa mkijibizana mara kadhaa kwa siku, lakini angalia saa, maana jioni huwa “Bonne soirée”. Kifupisho cha “Cordialement”, yaani “Cdt”, mimi sikitumii kwa mteja. Kinasomeka kama mtu aliyefunga mlango huku bado unaongea. Na kama mnaitana “tu”, ile “wewe” ya watu waliozoeana, basi ni “Bien à toi”, si “vous”.

Ile sentensi ndefu ya kufungia barua rasmi bado ina kazi yake: kuomba ajira, kuandikia ofisi ya serikali, kudai malipo rasmi. Naiandika hivi:

“Je vous prie d'agréer, Madame la Directrice, mes salutations distinguées.”

Cheo kilicho katikati ya koma lazima kiwe kile kile ulichofungulia barua. Ukianza na “Madame”, malizia na “Madame”. Na ukitanguliza “Dans l'attente de votre réponse”, yaani nikisubiri jibu lako, kinachofuata kiwe “je vous prie”, nakuomba, kwa kuwa anayesubiri jibu ni wewe. Ukiandika “veuillez agréer”, yaani tafadhali pokea, baada yake, sarufi inamfanya yeye ndiye anayesubiri, na Wafaransa wanaojali lugha yao huliona kosa hilo mara moja.