Mkwaju mmoja kabla ya "leo"

Sentensi iliyonifundisha kusoma habari ilikuwa fupi: "Mkuu wa bandari alisema leo boti hazitoki kwenda Pemba." Mkuu alikuwa ameyasema hayo jana yake jioni, na safari zilizosimamishwa zilikuwa za siku moja tu. Mimi, mtangazaji mgeni studioni, nikavuta pumzi baada ya "leo". Hapo ikawa mkuu kasema leo, na boti hazitoki, haijulikani mpaka lini. Haikupita nusu saa mzee mmoja akapiga simu kutoka Mkoani: "Mwanangu, hazitoki leo au hazitoki moja kwa moja?"

Sikukosea neno hata moja. Nilikosea mahali pa kupumzika, nawe kosa hilo litakukuta katika wiki yako ya kwanza. Mwandishi wa habari huandika kwa jicho. Koma huweka pale sarufi ilipomtuma, na mara nyingi haweki kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuingia studio, chukua penseli. Mkwaju mmoja, kistari cha mshazari / kati ya maneno, ni pumziko fupi, kiasi cha kusema "moja" kimoyomoyo. Mikwaju miwili ni pumzi kamili, "moja, mbili". Neno moja katika sentensi lipigie mstari chini. Nasema moja, kwa sababu ukipigia matatu hutakuwa umelikazia hata moja.

Tuchukue mfano, nimeutunga kwa mazoezi tu:

"Wavuvi na wenye vyombo vidogo wanatakiwa kuchukua tahadhari kutokana na upepo mkali wa kusi unaotarajiwa kuvuma katika Mkondo wa Pemba kuanzia kesho Jumatano usiku."

Usome kwa sauti, mbio kama ulivyozoea skuli. Pumzi itakuishia karibu na "kutokana na", na hapo ndipo wageni wengi hukata: "kutokana na... upepo". Usikate kamwe baada ya "na", "wa", "ya" au "kwa". Vineno hivyo vimeegemea kinachofuata, na ukivitenga msikilizaji anajua papo hapo kwamba unasoma. Kata kabla yake.

Lakini kwa sentensi hii mkwaju peke yake hautoshi. Imebeba mambo matatu kwa pumzi moja, na ina mtego mwishoni. Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Ukimwambia mtu wa Wete "usiku wa Jumatano", huenda akafahamu usiku wa kuamkia Jumatano, yaani Jumanne magharibi ikishaingia, na "Jumatano usiku" inaweza kumchanganya vivyo hivyo. Mvuvi hawezi kuachiwa abahatishe. Mwombe mhariri ruhusa, uiandike upya:

"Wavuvi / na wenye vyombo vidogo / wanatakiwa kuchukua tahadhari. // Upepo mkali wa kusi / unatarajiwa kuvuma katika Mkondo wa Pemba / kuanzia kesho usiku, / kuamkia Alkhamis. //"

Neno la kupigiwa mstari ni lipi? Wengi husema "mkali", kwa kuwa linavutia sauti. Mimi naipigia mstari "kesho". Mvuvi wa kusi anaujua ukali wa upepo. Anachotaka kutoka kwako ni lini.

Sasa namna ya kukazia. Kiswahili kinaweka mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nao hauhami. Watangazaji wachanga waliosikiliza sana idhaa za Kiingereza hulipiga neno kichwani: "WAvuvi", "TAhadhari". Inasikika kama mtu anayegombana. Wewe acha mkazo ukae pale pale, ila fanya mambo mawili: tua kidogo kabla ya neno, kisha irefushe kidogo ile silabi yake ya mkazo: "kuanzia / keesho usiku". Usiongeze sauti. Na neno likirudi mara ya pili, kama "upepo huo", lipite kwa wepesi, maana msikilizaji anaye tayari.

Jaribio langu halina gharama. Msomee mtu aliye kazini, anayekosha vyombo au anayechoma mandazi, bila kumwambia asikilize. Ukimaliza muulize: lini? Akijibu sawasawa, umesoma. Akisema "umesoma vizuri, mashaallah", rudia.

Ukihamia kwenye prompta, tatizo linabadilika sura. Kile kioo kilicholala mbele ya kamera hukuonyesha maneno matatu au manne kwa mstari, maana maneno yetu ni marefu. Mashine hukata mstari pale nafasi ilipoisha, haijui maana. Jicho likifika mwisho wa mstari, sauti nayo hupanda na kutua, kila mstari, kama mtoto anayesoma ubaoni. Dawa ni kuikata mistari mwenyewe wakati wa kuiingiza:

Upepo mkali wa kusi
unatarajiwa kuvuma
katika Mkondo wa Pemba
kuanzia kesho usiku,
kuamkia Alkhamis.

Kila mstari ni fungu moja la maana, basi hata ukitua mwishoni mwake huharibu kitu. Usijaribu kuupanua mstari ili uingie maneno mengi. Mstari mpana hufanya macho yatembee kushoto na kulia, na mtazamaji anayaona, hasa kamera ikiwa karibu.

Jambo la pili ni kasi. Mgeni huona maneno yanapanda, anaogopa kuachwa, anaharakisha. Anayeendesha prompta kazi yake ni kukufuata, basi naye anaharakisha. Mtafukuzana hivyo mpaka mwisho wa taarifa. Anayeongoza ni wewe. Kabla ya kurekodi kubaliana naye kwamba kwenye nukta utasimama na yeye atasimama, na fanyeni zoezi la sentensi tano za namna hiyo. Mimi husoma maneno 115 hivi kwa dakika. Kasi yako ipime kwa saa, usichukue kipimo cha Kiingereza, kwa kuwa maneno yao ni mafupi.

Tarakimu nazo zinataka uangalifu. Ukiona 105,000 kwenye kioo ukasema "elfu mia moja na tano", hiyo inaweza kusikika kuwa laki moja na elfu tano, au laki moja na tano kamili. Andika kwa maneno, "laki moja / na elfu tano", na mgogoro umekwisha.

Mwisho, karatasi iwe mkononi hata kama prompta ni nzima. Sisi tuliokaa bila umeme Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatukuhitaji kuambiwa hilo mara mbili. Iwe na mikwaju ile ile iliyoko kwenye kioo. Chapa upande mmoja tu, usizibane kwa pini, na sentensi isivuke ukurasa. Unaposoma, sogeza karatasi kwa kuiburura juu ya meza badala ya kuifunua, kwa sababu maikrofoni husikia karatasi kuliko inavyokusikia wewe. Na kila unapomaliza habari moja, rudisha kidole kwenye mstari unaofuata kabla hujainua macho.