Mstari wa Mshtarii: Singapuri au Berlini?

"Nimezaliwa Mbeya saa 3 asubuhi. Ramani ya unajimu inapitisha mstari wangu wa Mshtarii, sayari ya bahati, Singapuri, lakini udhamini wa masomo nimepata Berlini. Niuache udhamini?"

Usiuache, kagua saa kwanza. Nadhani kwenye ramani umeandika 03:00, kumbe saa 3 asubuhi yetu ni 09:00. Kosa la saa 6 husogeza mistari digrii 90, na Singapuri iko karibu digrii 90 mashariki ya Berlini, basi huenda mstari wako halisi unapita Berlini! Tazama Jua kwenye chati yako ya kuzaliwa: kwa mtu wa asubuhi lazima liwe juu ya upeo, likiwa chini umekosea. Mimi wa Iringa liliniponza hilohilo.

Wapo wanaosema ukihama mji, sayari hubadili nyota; hapana, nyumba, yaani sehemu 12 za chati, ndizo hubadilika. Mama naye akisema "kama saa tatu hivi", kumbuka kila dakika 4 husogeza mstari digrii moja. Kwa udhamini mkononi, mimi nisingeamulia mstari.