"Najua" na "napogoa": kwa nini Kiingereza kinazitenga

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Dodoma, naandika barua ya kazi kwa Kiingereza. Niliandika "I am knowing Kigogo" na "I am owning a plot in Ihumwa". Rafiki yangu kazikata zote mbili. Mbona Kiswahili ni "najua" na "namiliki", kwa -na- ileile ya "napogoa"?

Jibu: Marahaba. Rafiki yako yuko sahihi, na aliyekuponza ni hiyo -na-. Inabeba mizigo miwili: jambo linaloendelea sasa hivi, na hali iliyopo tu. Kiingereza kimeigawa mizigo hiyo, na -ing hubeba ule wa kwanza.

Mfikirie mkulima wa Hombolo anayepogoa mizabibu. Kuna mstari aliokwisha kuupogoa, kuna aliomo, kuna unaomsubiri. Ukimkuta saa nne, umemkuta katikati ya kazi, na ndicho -ing inachosema: katikati. Sasa tazama kujua Kigogo. Saa nne unakijua, saa tano unakijua, hata usingizini unakijua. Hakuna nusu iliyokwisha wala nusu iliyobaki, kwa hiyo katikati hakuna. Kiwanja chako nacho ni hivyohivyo. Andika "I know Kigogo" na "I own a plot in Ihumwa".

Sikio lako tayari linaijua tofauti hii, ila imejificha kwenye -ki-. "Nilimkuta akipogoa" inapita vizuri. "Nilimkuta akijua Kigogo" inakwama. Utasema "nilimkuta anajua". "Akimiliki kiwanja" inakwama vilevile. Ukisita kuhusu kitenzi, kipitishe hapo kwanza.

Kipimo hiki kina mipaka. "Nilimkuta akitaka kutoka" inakubalika kwa sababu hapo kutaka kumekaribia maana ya kuwa mbioni. Hata Waingereza "want" huwaponyoka wakati mwingine wakaipa -ing, hasa wanapoeleza hamu iliyodumu kwa muda. Kwenye barua ya kazi usijaribu, andika "I want". "Seem", yaani kuonekana kuwa hivi au vile, ni ngumu zaidi: karibu haiipokei kabisa.

Kinachowatega wengi zaidi ni kuvaa. Sisi "anavaa" ni yule anayepenyeza mkono kwenye shati, akishamaliza, "amevaa". Kiingereza kinampa huyu wa pili -ing: "he is wearing a shirt". Nguo huvuliwa jioni, kwa hiyo inahesabika kuwa ya muda. Kuishi pia kuko hapo: "I live in Dodoma" ni makazi yako, "I am living in Dodoma" inanong'ona kwamba utahama. Mwajiri anayetafuta mtu wa kudumu ataisikia, kwa hiyo kaikague sentensi yako ya anwani kabla hujaituma.