Mkojo umepungua? Funua kwanza karatasi za jana na juzi

Usiku mmoja nilipokea zamu nikakuta mgonjwa wa kilo 60, siku ya tatu tangu apasuliwe tumbo. Chati yake ya maji ilionyesha mkojo mililita 700 kwa saa 24. Mtu mzima tunamtarajia atoe walau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani mililita 30 kwa saa kwa uzito wake. Yeye alikuwa na 29. Zamu iliyotangulia ilisharipoti "mkojo kidogo", na nusu lita ya dripu ya haraka ilikuwa imeagizwa.

Dripu ilikuwa mkononi mwangu nilipofunua karatasi za nyuma. Siku ya kwanza yaliingia maji mililita 3,000, yakatoka 1,500 kwa mkojo na mpira wa puani: salio 1,500. Siku ya pili salio 1,600. Siku ya tatu 1,900. Kila asubuhi mtu alijumlisha, akapiga mstari, akaanza upya na sifuri, na hakuna aliyehamisha salio la jana. Jumla ilikuwa lita 5.

Si zote zilizobaki mwilini. Jasho na pumzi hupoteza kama mililita 700 kwa siku, na homa huongeza, lakini chati haiyaoni hayo. Nikitoa 2,100 zinabaki karibu lita 3. Hapo mizani ndiyo shahidi, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Nikampima: kilo 63. Alikuwa akipumua mara 28 kwa dakika, na sehemu ya chini ya mapafu nilisikia mlio wa maji.

Angekuwa amekaukiwa, mkojo ungeweza kuwa ule ule 29, ila vingine vingegeuka: salio hasi au linaloshuka, uzito unaopungua, mkojo wa rangi iliyokolea, mapigo ya moyo yanayopanda. Ndiyo maana tarakimu ya mkojo peke yake siiamini. (Na kama mkojo umekatika ghafla kabisa, kagua mpira wa mkojo kwanza, mara nyingi umejikunja au umeziba.)

Chati nayo hudanganya. "Ametapika mara tatu" si kipimo. Mgonjwa anaweza kuonekana ana salio zuri kumbe lita nzima imeishia kwenye shuka. Maji ya kuyeyushia dawa za mshipani nayo husahaulika upande wa kuingia. Salio likigombana na mizani, mimi huamini mizani, mradi ni ile ile, saa ile ile. Hata hivyo, maji yaliyojikusanya tumboni au kwenye tishu huongeza kilo huku mishipa ikiwa haina kitu, kwa hiyo shinikizo la damu na mikono ya baridi bado unavitazama.

La kwake lilikuwa sawa, mikono ya moto. Sikuifungua dripu. Nilimpigia daktari nikamsomea salio la siku tatu na vipimo vyote viwili vya uzito, kilo 60 na 63. Akafuta agizo, akaandika dawa ya kukojoza.