Leso ilisema kabla ya mtoto

Swali la wiki: Ukichagua picha ya kutangaza kuzaliwa kwa mtoto, unaanza kuangalia nini: kama imetoka safi, sura ya mtoto, au kilicho nyuma yake?

Mimi nasema anza na kilicho nyuma, na kama nyuma kuna leso, isome kwanza. Naandika kwa uchungu kidogo kwa sababu kwetu Jinja jambo hili lilituletea fitina iliyochukua wiki kadhaa kutulia, na mwenye kuichagua ile picha nilikuwa mimi, shangazi mtu.

Wifi yangu ni wa Mombasa. Alikaa miaka sita kwa kaka yangu bila kupata mtoto, na mnajua wenyewe maneno yanavyokuwa. Alipojifungua, siku ya tatu wakiwa wamesharudi nyumbani Walukuba, kaka alipiga picha kumi na moja kwa simu yake, akanipa nichague moja ya kupeleka studio ichapwe kadi arobaini. Nikazipunguza hadi zikabaki tatu.

Ya kwanza mtoto amelazwa kitandani karibu na dirisha, juu ya leso nyekundu. Macho wazi, ameelekea mwangani, na ukiikuza picha unaona hadi vinyweleo vya paji la uso. Ya pili amelazwa juu ya shuka jeupe pe. Nayo ilitoka safi, lakini uso ulikuwa umeingia giza. Simu hupima mwanga wa picha nzima, kwa hiyo ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi na inaupunguza, na anayeumia ni mtoto wetu mwenye rangi yake. Dawa yake ni kuugusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga ili simu ipime hapo, lakini kaka hakujua. Tena macho yalikuwa yamekengeuka, moja huku moja kule, jambo la kawaida kabisa kwa mtoto wa siku tatu, ila kwenye kadi watu wangeuliza. Ya tatu alikuwa mikononi mwa mama yangu, ametulia, midomo imefungwa vizuri, anamtazama bibi yake kama anayemsikiliza. Lakini uso ulikuwa na ukungu kidogo. Simu ilikuwa imeshika mkono wa gauni la mama, nyuzi za mshono unazihesabu, na uso ukabaki nyuma.

Nikachukua ya kwanza. Sikujiuliza mara mbili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Ile leso niliiona kama rangi nyekundu tu. Jina lake lilikuwa limepita sawasawa pembeni ya sikio la mtoto, herufi nyeusi kwenye kisanduku cheupe: WASEMAO NA WASEME.

Anayetoka pwani hahitaji kuelezwa. Leso haivaliwi wala haitandikwi bure, jina lake ni barua. Kadi zilipofika Mombasa, mama yake wifi hakuona mjukuu. Alisoma. Akaona kwamba mwanawe, au sisi wakweze, tumemjibu yeye kwa maneno aliyowahi kuyasema kuhusu ile miaka sita, na tumemjibu mbele ya ukoo mzima, kwa kadi. Hakupiga simu wiki mbili. Alipopiga hakuuliza mtoto ana kilo ngapi. Alimuuliza wifi, "Ile leso ulinitandikia mimi?" Wifi alilia, na leso yenyewe haikuwa hata yake. Aliiacha jirani aliyekuja kumtazama mzazi.

Nilijaribu kuokoa. Nilirudi studio nikawaomba waikate picha, ubaki uso mtupu bila maandishi, tuchape nyingine. Wakaikata, ikatoka uso kama umejengwa kwa matofali. Sababu niliijua siku hiyo: picha niliyokuwa nimewapa ilipita wasapu, na wasapu huipunguza picha ili iende upesi. Ile ya asili kwenye simu ya kaka ilikuwa na nukta kama 3000 kwa upana, na uso wa mtoto ulichukua nukta kama 800. Ukichapa nukta 800 kwa upana wa sentimita 10 unapata karibu nukta 200 kwa kila inchi, na kwa kadi inayoshikwa mkononi inatosha. Nakala ya wasapu ilikuwa imebakiza uso wa nukta kama 300. Hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Kama mnatumiana picha ya kuchapa, itumeni kama dokumenti, isiende kama picha. Ingekuwa hivyo, ningeikata leso siku ileile na kadi mpya zingetoka bila neno.

Sasa, nimeanza kwa kusema kilicho nyuma ndicho cha kwanza, na naandika hapa nikiona sijasema sawa. Kilicho nyuma, ukiwa na nakala kamili, mara nyingi kinakatika. Uso uliojaa giza unaweza kuangazwa kidogo. Sura ya mtoto ndiyo haiwezi kurekebishwa na mtu yeyote, na wengi wanaingojea isiyokuja: wanataka mtoto mchanga acheke. Kicheko cha siku za mwanzo hupita usingizini, sekunde moja hakipo. Kile cha kukujibu wewe unapomwangalia huja kuanzia kama wiki ya sita hadi ya nane. Kwenye kadi ya uzazi tafuta utulivu, macho yaliyoshika kitu, viganja visivyokunjwa usoni.

Basi hukumu yangu leo ni kwamba ningechukua ile ya tatu, yenye ukungu. Najua nimewaambia kwamba uso haukuwa safi. Lakini ukungu una aina mbili na zinatofautiana sana. Ikuze picha mpaka jicho la mtoto lijaze kioo cha simu, utafute ile nukta ya mwanga wa dirisha ndani ya jicho. Ikiwa imevutika kama mstari, mtoto alitikisika au mkono wa mpigaji ulitikisika, na picha hiyo iacheni, hata ikichapwa ndogo macho yataonekana mawili mawili. Ikiwa bado ni duara, hata kama limetanuka kidogo, simu imekosea tu mahali pa kushika. Hiyo, ukiichapa sentimita 9 kwa 13 badala ya kuikuza kuwa bango, ukungu wake unajificha. Jicho la mtoto wetu kwenye ile ya tatu lilikuwa na duara. Nalikumbuka kwa sababu nilililinganisha na la picha ya kwanza, nikaiacha kwa tofauti ambayo kwenye kadi mtu asingeiona.

Sisemi ukungu ni mzuri. Kama kadi ni kubwa, au kama uso umefifia hadi mpaka wa kope hauonekani, rudini kwenye picha safi hata kama mtoto anapiga miayo. Na wale ambao ukoo wao hausomi leso, labda haya ya maandishi hayawahusu sana, ingawa hata jina la kampuni kwenye fulana ya mtu aliyesimama nyuma huvuta jicho kabla ya uso. Kwenye ile ya tatu nyuma kulikuwa na gauni la mama la rangi ya udongo, halina neno.

Mama yake wifi anakuja Jinja mwezi ujao, mara ya kwanza tangu wakati ule. Nimemwomba kaka aitafute ile ya tatu kwenye simu yake ya zamani na kunitumia kama dokumenti.